Ankara 81 Kati ya 1,240: Jinsi Mkaguzi Anavyopima Mauzo ya Pembejeo Katika Chama cha Msingi

Kila msimu, mkulima wa kahawa wa Kata ya Ukata na kata jirani za Wilaya ya Mbinga huchukua mbolea na viuatilifu kwa mkopo kutoka katika chama chake cha msingi cha ushirika. Huandikiwa ankara, na deni lake hukatwa baadaye katika malipo ya kahawa. Ankara iliyozidishwa, hata kwa mfuko mmoja, ina maana kwamba mkulima atalipia kitu ambacho hakukipokea. Kwa sababu hiyo, taarifa ya ukaguzi inayosomwa katika mkutano mkuu inamhusu kila mwanachama kwa karibu, ijapokuwa mara nyingi husomwa haraka na kupitishwa bila maswali.

Swali moja, hata hivyo, huulizwa mara kwa mara. Mkaguzi husema kwamba amepitia ankara themanini na kitu, na chama kilitoa zaidi ya elfu moja. Wanachama hutaka kujua kwa nini hakuzipitia zote, na iwapo hakuzipitia zote, anawezaje kusema lolote juu ya zile ambazo hakuziona. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa kutumia mfano wa chama kimoja cha kubuni. Hesabu zake zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini njia inayofuatwa ni ile inayotumiwa na wakaguzi wa hesabu duniani kote chini ya Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 530, kinachohusu sampuli. Hapa nchini vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, yaani Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Bambo na gunia

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili ajue kama nafaka ni kavu. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache, akazitazama na kuzitafuna. Punje hizo zinatosha ikiwa bambo limeingia mahali popote penye gunia bila upendeleo. Zikitolewa juu tu, muuzaji mjanja anaweza kuwa ameweka nafaka nzuri juu na mbovu chini.

Sampuli ya ankara hufanya kazi hiyo hiyo. Masharti yake ni mawili. La kwanza, kila sehemu ya mauzo iwe na nafasi ya kuchaguliwa, na uchaguzi usiwe mikononi mwa mtu anayekaguliwa. Faili la ankara hamsini lililoandaliwa na ofisi ya chama na kukabidhiwa kwa mkaguzi ni nafaka ya juu ya gunia. Haliwezi kusema chochote juu ya zilizobaki. La pili, sampuli iwe na ukubwa wa kutosha kwa kosa ambalo mkaguzi anataka kuligundua.

Ukubwa wa sampuli unatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba sampuli nzuri ni asilimia fulani ya ankara zote, kwa mfano asilimia 10. Mazoea hayo hupotosha. Chama chenye ankara 200 kingepimwa kwa ankara 20 tu, na chenye ankara 12,000 kingepimwa kwa ankara 1,200. Cha kwanza kingekaguliwa kwa uchache mno, na cha pili kingepoteza siku nyingi na fedha za wanachama bila sababu.

Njia ya kuliona jambo hili ni kuhesabu uwezekano wa kosa kuponyoka. Tuseme asilimia 5 ya mauzo yaliyoandikwa si sahihi. Ukichagua shilingi moja ya mauzo bila upendeleo, nafasi ya kuipata iliyo salama ni 95 katika 100, yaani 0.95. Ukichagua mbili, nafasi ya zote kuwa salama ni 0.95 mara 0.95. Ukiendelea kuzidisha hadi mara 20, unapata takriban 0.36. Maana yake ni kwamba mkaguzi aliyechagua 20 anaweza kukosa kabisa kuliona tatizo hilo mara 36 katika kila mara 100. Ukiendelea hadi mara 60, unapata takriban 0.046, yaani chini ya mara 5 katika 100. Hapo ndipo mkaguzi anapoweza kusema kwamba, kama hakuona kosa hata moja, ana imani ya asilimia 95 kwamba makosa hayafikii asilimia 5 ya mauzo.

Katika hesabu hiyo idadi ya ankara zote haikutajwa popote. Kilichotajwa ni ukubwa wa kosa linalotafutwa na kiwango cha imani kinachohitajika. Chama chenye ankara 1,240 na chenye ankara 12,000 vinahitaji sampuli zinazokaribiana sana, mradi sehemu ya kosa inayoweza kuvumilika ni ile ile. Ndiyo maana kijiko kimoja hutosha kuonja chumvi ya mchuzi wa sufuria ndogo na wa sufuria ya arusini, ikiwa mchuzi umekorogwa.

Mfano: mauzo ya Sh 186,000,000

Chama cha mfano wetu kina vituo viwili vya kuuzia pembejeo. Katika msimu mmoja kilitoa ankara 1,240 zenye jumla ya Sh 186,000,000. Kabla ya kugusa ankara yoyote, mkaguzi huamua mambo matatu.

Kwanza, huamua kosa linalovumilika. Hiki ni kiasi cha juu kabisa cha makosa ambacho, hata kingekuwapo katika mauzo, kisingebadilisha uamuzi wa mwanachama anayesoma hesabu. Katika mfano huu mkaguzi anaweka Sh 9,300,000, ambazo ni asilimia 5 ya mauzo. Kiasi hiki si ruhusa ya kukosea. Ni kipimo cha wembamba wa chujio: kadiri kinavyokuwa kidogo, ndivyo sampuli inavyokuwa kubwa. Kama angekishusha hadi nusu, sampuli ingeongezeka angalau maradufu.

Pili, huamua kiwango cha imani. Hapa ni asilimia 95. Katika majedwali ya wakaguzi, imani hiyo huambatana na namba 3, nayo inatokana na hesabu ile ile ya kuzidisha tuliyoiona: 60 mara asilimia 5 ni 3.

Tatu, hukadiria kosa analotarajia kulikuta. Kama ukaguzi wa mwaka uliopita ulikuwa safi, anaweza kutarajia sifuri. Hapo angegawanya Sh 186,000,000 kwa Sh 9,300,000, akapata 20, akazidisha kwa 3 na kupata sampuli ya 60. Lakini katika chama hiki taarifa ya mwaka uliopita ilitaja makosa madogo ya bei na hesabu, hivyo anatarajia makosa ya takriban Sh 1,500,000. Makosa hayo lazima yatengewe nafasi. Kwa imani ya asilimia 95, majedwali huyaongeza kwa kuzidisha kwa 1.6, kwa sababu makadirio yenyewe hayana uhakika. Yanakuwa Sh 2,400,000. Akiziondoa katika Sh 9,300,000 anabaki na Sh 6,900,000. Kiasi hicho akikigawanya kwa 3, anapata Sh 2,300,000.

Namba hii ya mwisho ndiyo nguzo ya kazi yote inayofuata. Inaitwa hatua ya sampuli, na maana yake ni kwamba katika kila Sh 2,300,000 za mauzo, shilingi moja itachaguliwa. Sh 186,000,000 zikigawanywa kwa Sh 2,300,000 zinatoa 80.87, nayo hukamilishwa kuwa 81. Matarajio ya makosa madogo tu yameongeza sampuli kutoka 60 hadi 81.

Kuchagua bila upendeleo

Mkaguzi sasa hupanga ankara zote kwa mfuatano na kujumlisha thamani zake moja baada ya nyingine. Huchagua kwa kura namba ya kuanzia kati ya 1 na 2,300,000. Tuseme amepata 815,000. Ankara ya kwanza ni ya Sh 240,000. Jumla ni 240,000. Ya pili ni ya Sh 310,000. Jumla inafika 550,000. Ya tatu ni ya Sh 380,000. Jumla inafika 930,000. Shilingi ya 815,000 imo ndani ya ankara ya tatu, kwa hiyo ankara hiyo inaingia katika sampuli. Kisha anaongeza Sh 2,300,000 na kutafuta shilingi ya 3,115,000, halafu ya 5,415,000, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha.

Njia hii huipa ankara kubwa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa kuliko ndogo. Ankara yoyote inayofikia Sh 2,300,000 au kuzidi haiwezi kuponyoka, kwa kuwa hatua haziwezi kuiruka. Hilo linafaa, kwa sababu ankara kubwa iliyozidishwa ndiyo inayoweza kubeba hasara kubwa.

Kila ankara iliyochaguliwa hulinganishwa na hati ya kutolea bidhaa ghalani iliyotiwa saini na mkulima, orodha ya bei iliyopitishwa na bodi, na deni lililoandikwa katika hesabu ya mwanachama. Ikiwa ankara haionekani au hati yake imepotea, mkaguzi haruhusiwi kuchukua nyingine iliyo karibu na kuendelea. Kwanza hutafuta ushahidi mwingine, kwa mfano kumhoji mkulima mwenyewe na kuona kumbukumbu zake. Asipoupata, ankara hiyo yote huhesabiwa kuwa kosa. Karatasi inayopotea pale inapohitajika inaweza kuwa ndiyo yenye tatizo, na kuibadilisha ni kulifuta tatizo hilo kabla halijaonekana.

Makosa matatu yanayoonekana madogo

Katika sampuli ya mfano wetu yalipatikana makosa matatu.

Ankara ya kwanza iliandikwa Sh 400,000 kwa mifuko 5 ya mbolea ya Sh 80,000 kila mmoja. Hati ya ghala ilionyesha kwamba mkulima alichukua mifuko 4. Thamani sahihi ilikuwa Sh 320,000, na ziada ni Sh 80,000.

Ankara ya pili iliandikwa Sh 150,000 kwa mifuko 2 ya mbolea ya aina nyingine. Mkulima alitia saini kwa mfuko 1 tu, wa Sh 75,000. Ziada ni Sh 75,000.

Ankara ya tatu ilikuwa ya kikundi cha wakulima, yenye vifungu viwili: Sh 1,480,000 na Sh 1,300,000. Jumla sahihi ni Sh 2,780,000, lakini iliandikwa Sh 2,900,000. Ziada ni Sh 120,000.

Makosa yote matatu yana jumla ya Sh 275,000. Katika kikao cha bodi ni rahisi mtu kusema kwamba Sh 275,000 ndani ya Sh 186,000,000 si kitu, zirudishwe na ukaguzi ufungwe. Kauli hiyo ingekuwa sahihi kama mkaguzi angekuwa amepitia ankara zote. Yeye amepitia chache, na kila aliyoichagua inasimama badala ya nyingine nyingi. Bambo likitoa punje moja iliyooza, hakuna anayesema kwamba gunia zima lina punje moja iliyooza.

Kukadiria kosa la mauzo yote

Hapa mkaguzi hutazama sehemu ya ankara iliyoharibika, kisha huieneza katika hatua nzima ya Sh 2,300,000.

Ankara ya kwanza ilizidishwa kwa Sh 80,000 kati ya Sh 400,000, yaani asilimia 20. Asilimia 20 ya Sh 2,300,000 ni Sh 460,000. Ankara ya pili ilizidishwa kwa nusu ya thamani yake. Asilimia 50 ya Sh 2,300,000 ni Sh 1,150,000. Inastahili kuangaliwa kwamba ankara ya pili, ambayo kosa lake kwa shilingi ni dogo kuliko la kwanza, ndiyo inayotoa makadirio makubwa zaidi. Ankara iliyozidishwa kwa nusu ni dalili mbaya kuliko iliyozidishwa kwa sehemu ya tano.

Ankara ya tatu ni tofauti. Inazidi Sh 2,300,000, na ankara zote za ukubwa huo zimepitiwa. Haiwakilishi nyingine yoyote ambayo haikuonekana. Kosa lake hubaki kama lilivyo: Sh 120,000.

Jumla ya makadirio ni Sh 460,000, Sh 1,150,000 na Sh 120,000, yaani Sh 1,730,000. Kutoka Sh 275,000 tumefika Sh 1,730,000, na bado kiasi hicho kiko chini sana ya Sh 9,300,000 zinazovumilika. Mkaguzi asiye makini angeishia hapo.

Mpaka wa juu

Makadirio ya Sh 1,730,000 ni kisio la katikati tu. Ukweli unaweza kuwa chini yake au juu yake, kwa sababu sampuli nyingine ya ankara 81 ingeweza kukuta makosa mengine. Swali analopaswa kujibu mkaguzi ni hili: kwa imani ya asilimia 95, makosa yanaweza kufika wapi?

Jibu huanza na kiasi ambacho kingekuwapo hata kama kosa lisingepatikana kabisa. Kiasi hicho ni hatua mara 3, yaani Sh 2,300,000 mara 3, ambazo ni Sh 6,900,000. Kisha kila kosa lililoenezwa husukuma mpaka huo juu zaidi. Katika majedwali ya imani ya asilimia 95, namba ni 3.00 pasipo na kosa, 4.75 kwa kosa moja, na 6.30 kwa makosa mawili. Kosa la kwanza kwa uzito huongeza 1.75, na la pili huongeza 1.55. Makosa hupangwa kuanzia lile lenye asilimia kubwa.

Kwa hiyo Sh 1,150,000 huzidishwa kwa 1.75 na kuwa Sh 2,012,500. Sh 460,000 huzidishwa kwa 1.55 na kuwa Sh 713,000. Kosa la ankara kubwa huongezwa bila kuzidishwa, Sh 120,000. Vyote vikijumlishwa pamoja na Sh 6,900,000, mpaka wa juu unakuwa Sh 9,745,500.

Kiasi hicho kimeuvuka mpaka wa Sh 9,300,000. Makosa yaliyoonekana ni ya Sh 275,000, lakini mkaguzi hawezi kuwaambia wanachama, kwa imani aliyoiahidi, kwamba mauzo ya pembejeo yameandikwa kwa usahihi wa kutosha. Dalili ya hali hiyo ilionekana mapema: makadirio ya Sh 1,730,000 yalikwisha kuzidi makosa ya Sh 1,500,000 aliyoyatarajia wakati wa kupanga sampuli. Makadirio yanapozidi matarajio, sampuli iliyopangwa kwa matarajio hayo huwa haitoshi.

Kutafuta chanzo

Baada ya hesabu, kazi hurudi kwenye karatasi na watu. Makosa mawili ya mwanzo yalifanana: idadi ya mifuko katika ankara ilizidi idadi iliyotolewa ghalani. Mkaguzi aliona pia kwamba ankara zote mbili zilitoka katika kituo kimoja, ndani ya Februari. Alipouliza, ilibainika kwamba mwezi huo mtunza ghala hakuwapo kazini, na aliyeshika nafasi yake aliandika ankara kwa kufuata orodha ya maombi ya wakulima kabla mbolea haijafika. Mbolea ilipofika pungufu, wakulima walipewa kidogo, lakini ankara hazikurekebishwa.

Hapa pana mtego. Chama hupenda kusema kwamba tatizo ni la mwezi mmoja na mtu mmoja, basi lisienezwe kwa ankara nyingine. Maelezo hayo hayatoshi kwa kutamkwa tu. Kiwango cha ukaguzi kinataka ushahidi wa uhakika wa juu sana kabla kosa halijatengwa na mengine. Mkaguzi alifanya mambo mawili. Alipitia ankara zote za kituo hicho za Februari, zilizokuwa 38 zenye thamani ya Sh 6,000,000. Kisha alichukua ankara nyingine 30 za miezi mingine na za kituo cha pili, akalinganisha tarehe za ankara na tarehe za hati za ghala, ili aone kama desturi ya kuandika kabla ya kutoa bidhaa ilifanyika kwingine.

Katika zile 38 alikuta makosa 7 yanayofanana, yakiwamo yale mawili ya awali, yenye jumla ya Sh 610,000. Katika zile 30 hakukuta hata moja, na tarehe zote zilionyesha kwamba bidhaa zilitoka kwanza, ankara ikafuata. Sasa sehemu ya Februari inajulikana yote na haihitaji kukisiwa. Katika mauzo yaliyobaki ya Sh 180,000,000, kosa pekee la sampuli ni lile la ankara kubwa. Mpaka wa juu unakuwa Sh 6,900,000 za msingi, Sh 610,000 zinazojulikana na Sh 120,000, jumla Sh 7,630,000. Uko chini ya Sh 9,300,000. Chama kikifuta Sh 730,000 zilizothibitishwa katika madeni ya wakulima wanaohusika, kinachobaki ni Sh 6,900,000.

Kama zile ankara 30 zingeonyesha desturi hiyo hiyo mahali pengine, hoja ya kutenga Februari ingeanguka. Mpaka wa Sh 9,745,500 ungesimama, pengine ungepanda zaidi. Mkaguzi angekitaka chama kipitie chenyewe ankara zote na kuzirekebisha, kisha azipime upya. Chama kikikataa au kikishindwa, jambo hilo lingeingia katika maoni ya mkaguzi, na hesabu zingeweza kupata hati yenye shaka badala ya hati inayoridhisha.

Sampuli ambayo haiwezi kuona

Njia iliyoelezwa ina mpaka mmoja ambao wanachama wanapaswa kuujua. Sampuli iliyotoka katika ankara zilizoandikwa hugundua ankara zilizozidishwa au za uongo. Haiwezi kugundua mauzo ambayo hayakuandikiwa ankara kabisa, kwa sababu kisichoandikwa hakimo katika orodha inayochaguliwa. Bambo haliwezi kutoa punje kutoka katika gunia lililofichwa.

Kwa mauzo yaliyofichwa, mkaguzi hugeuza njia. Huanza na hati za kutolea bidhaa ghalani, huchagua sampuli kutoka humo, kisha hutafuta ankara ya kila hati. Hukagua pia mfuatano wa namba za vitabu vya ankara ili kuona kama kuna namba zilizorukwa, na hulinganisha mifuko iliyopokelewa, iliyouzwa na iliyobaki. Mifuko 900 ikipokelewa na 60 ikabaki ghalani, ankara zinapaswa kueleza 840. Zikieleza 790, mifuko 50 haina maelezo, hata kama kila ankara iliyopitiwa ilikuwa sahihi.

Maswali katika mkutano mkuu

Mwanachama hahitaji kuwa mhasibu ili aisome sehemu hii ya taarifa. Maswali manne yanatosha. Kosa linalovumilika liliwekwa kiasi gani, na kwa nini? Ankara zilichaguliwa na nani, kwa njia gani? Makosa yaliyopatikana, yalipoenezwa kwa mauzo yote, yalifikia kiasi gani, na mpaka wa juu ni upi? Je, mauzo yalipimwa pia kwa kuanzia ghalani?

Taarifa ikitaja tu jumla ya makosa yaliyoonekana, kama zile Sh 275,000, bila kusema yamekadiriwa kuwa kiasi gani kwa mauzo yote, basi haijajibu swali la tatu. Mwanachama ana haki ya kuomba jibu hilo kabla hesabu hazijapitishwa. Na kwa upande wake, mkulima anayetunza nakala ya ankara pamoja na hati ya kuchukulia mbolea hadi siku ya malipo ya kahawa ana ushahidi ambao mkaguzi huutafuta karatasi za ofisi zinapokosekana: idadi ya mifuko aliyoipokea kweli, yenye saini yake mwenyewe.